Kichwa Kinachopotea Ukurasa wa Pili

Katika mikutano mikuu ya SACCOS, makabrasha hugawiwa mlangoni, na mwenyekiti hajafungua kikao bado kila mwanachama ameshaanza kupekua karatasi akitafuta jina lake. Mwenye jina linaloanza na A hana shida. Yuko ukurasa wa kwanza, na juu ya tarakimu zake pameandikwa waziwazi ipi ni hisa, ipi ni akiba, ipi ni deni. Mwenye jina la M yuko ukurasa wa nne au wa tano, na huko anakuta jina lake likifuatwa na tarakimu sita zisizo na maelezo: 100,000, kisha 1,240,000, kisha 300,000, kisha 3,000,000, kisha 1,750,000, kisha 1,250,000. Ananyoosha mkono. "Ndugu mwenyekiti, naomba kuuliza. Hii milioni moja laki mbili na elfu arobaini ndiyo akiba yangu, au ndiyo ninayodaiwa?"

Swali hilo ni la haki kabisa. Akiba yake na salio la mkopo wake vinapishana kwa shilingi elfu kumi tu, na karatasi aliyoshika haimwambii lolote. Ili ajue, lazima arudi ukurasa wa kwanza, ahesabu safu kwa kidole kutoka kushoto, kisha arejee ukurasa wake na kuhesabu upya. Ukumbi mzima ukifanya hivyo, nusu saa ya kikao imekwisha.

Mhasibu aliyeandaa orodha hiyo huenda hakuliona tatizo kabisa, kwa sababu kwenye kompyuta yake vichwa vya safu havikupotea hata mara moja. Aliposhuka hadi jina la mwisho, mstari wa vichwa ulibaki pale pale juu ya skrini. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa na Excel: kinachoonekana kwenye skrini na kinachotoka kwenye printa vinaongozwa na amri mbili tofauti, na moja haina habari na nyingine.

Amri ya skrini inaitwa Freeze Panes na inakaa kwenye kichupo cha View. Huugandisha mstari wa vichwa ili usipande na kutoweka mtu anaposhuka chini. Ni amri nzuri kwa anayefanya kazi na orodha ndefu, lakini printa haiijui. Hata orodha iliyogeuzwa kuwa jedwali rasmi la Excel kwa Ctrl+T ina udanganyifu huo huo: ukishuka, majina ya safu huchukua nafasi ya herufi A, B, C zilizo juu ya skrini, ukadhani mambo yote yako sawa. Zikitoka karatasi, ukurasa wa pili hauna kichwa.

Amri ya karatasi ni Print Titles. Iko kwenye kichupo cha Page Layout, na imekaa hapo tangu toleo la 2007 lilipoleta utepe wa vichupo juu ya skrini. Kwenye matoleo ya kabla ya hapo mtu aliipitia File, kisha Page Setup, kisha Sheet. Ukiibofya leo linafunguka dirisha lile lile la Page Setup, likiwa tayari kwenye ukurasa wake wa Sheet, na humo mna kisanduku kilichoandikwa Rows to repeat at top. Unabofya ndani ya kisanduku, unabofya namba ya mstari wenye vichwa pembeni kushoto mwa shiti, na Excel inaandika yenyewe kitu kama `$4:$4`. Ukibofya OK, kazi imekwisha. Kwenye skrini hakuna kitakachobadilika, na hilo huwafanya wengi wadhani amri haikushika. Bonyeza Ctrl+P, sogea hadi ukurasa wa pili wa onyesho la kuchapa, na vichwa vitakuwepo.

Hilo ndilo suluhisho zima, na halichukui hata dakika moja. Yanayolizunguka ndiyo yanayowapotezea watu karatasi.

La kwanza ni kuchagua mistari ipi irudiwe. Chukulia chama chenye wanachama 312. Mstari wa 1 una jina la chama, wa 2 una kichwa cha orodha, wa 3 umeachwa wazi, na wa 4 una majina ya safu: namba, jina la mwanachama, hisa, akiba, amana, mkopo, rejesho, salio. Mwanachama wa kwanza yuko mstari wa 5 na wa mwisho yuko mstari wa 316. Karatasi ni A4 iliyosimama, pambizo ni zile za kawaida za Excel, na kila mstari una kimo cha pointi 15. Kwa vipimo hivyo ukurasa mmoja unabeba mistari 48 hivi, na orodha bila marudio yoyote inatoka kurasa 7.

Mhasibu mwenye haraka huchagua mistari yote minne ya juu, `$1:$4`, kwa kuona kwamba jina la chama nalo lapendeza likiwa kila ukurasa. Sasa kila ukurasa unatoa mistari minne kwa vichwa na kubaki na nafasi ya majina 44. Kurasa 7 zinabeba majina 308. Wale wanne waliobaki wanasukumwa ukurasa wa 8, wamekaa peke yao juu ya karatasi iliyo tupu. Chama kikitoa nakala 100 za kabrasha, hizo ni karatasi 100 zaidi, yaani moja ya tano ya rimu, kwa ajili ya majina manne.

Akichagua `$4:$4` pekee, hesabu inabadilika. Ukurasa wa kwanza unatoka kama ulivyo kwenye shiti, jina la chama likiwa juu na majina 44 yakifuata, na mstari wa vichwa haujirudii hapo kwa kuwa tayari upo. Kuanzia ukurasa wa pili unatangulia mstari mmoja wa vichwa, kisha majina 47. Kurasa zinabaki 7, na wa mwisho una majina 33. Wengi hawajui kwamba mistari ya kurudiwa si lazima ianzie mstari wa 1, na pengine hilo ndilo jambo lenye faida zaidi kulijua kuhusu amri hii.

Kama jina la chama linatakiwa kila ukurasa, liandikwe kwenye eneo la kichwa cha ukurasa, yaani Header, ambalo liko ndani ya pambizo la juu na halili nafasi ya majina. Dirisha hilo hilo la Page Setup lina kichupo chake cha Header/Footer, na namba za kurasa zinawekwa papo hapo. Ila eneo hilo halifai kwa majina ya safu. Lina sehemu tatu tu, kushoto, katikati na kulia, na hazifuati upana wa safu za shiti. Anayejaribu kuandika humo hisa, akiba na amana kwa kutenganisha na nafasi atapata maneno yanayoelea juu ya tarakimu zisizo zake.

Mtego mwingine upo kwenye ukurasa huo huo wa Sheet, chini kidogo ya kisanduku cha marudio. Ni kijisanduku cha tiki kilichoandikwa Row and column headings. Jina lake linamvutia kila anayetafuta vichwa, naye anakitia tiki. Printa inamtolea herufi A, B, C juu na namba 1, 2, 3 pembeni, zile zile za fremu ya shiti. Kama orodha yako imetoka na herufi hizo, rudi ukatoe tiki.

Kuna pia wanaoufikia mlango sahihi na kuukuta umefungwa. Kisa kinachojirudia sana ni hiki: mtu anabonyeza Ctrl+P, anaona ukurasa wa pili hauna vichwa, na kwa kuwa kiungo cha Page Setup kiko pale pale chini ya onyesho, anakibofya. Dirisha linafunguka, kichupo cha Sheet kipo, lakini kisanduku cha Rows to repeat at top kimefifia na hakikubali kuandikwa. Ndivyo Excel ilivyotengenezwa. Ukiingia kwa njia ya kuchapa, visanduku vya marudio na vya eneo la kuchapa havifanyi kazi. Inabidi urudi kwenye shiti na kupitia Page Layout.

Kitufe chenyewe cha Print Titles nacho huweza kufifia, na sababu zake ni chache. Huenda bado unaandika ndani ya seli, kishale kikiwa kinapepesa humo; bonyeza Enter au Esc. Huenda umechagua chati iliyo kwenye shiti. Bofya seli yoyote tupu. Au kompyuta haina printa hata moja iliyosajiliwa, jambo linalowapata wenye kompyuta mpya wanaochapia steshenari. Huyo wa mwisho hahitaji kununua mashine. Windows 10 na 11 zina printa ya kielektroniki iitwayo Microsoft Print to PDF, na Excel inaihesabu kuwa printa. Na kama umeshikilia shiti kadhaa kwa pamoja, neno Group likionekana juu ya dirisha, kisanduku cha marudio hakitapokea kitu mpaka uziachanishe.

Wapo waliokwisha kata tamaa wakabuni njia yao: kunakili mstari wa vichwa na kuupachika kwa mkono mahali ambapo kila ukurasa unaanzia. Kwa orodha yetu ya watu 312 hiyo ni mistari sita ya nyongeza, ukurasa wa 2 hadi wa 7. Siku ya kwanza inapendeza. Siku ya pili anajiunga mwanachama mmoja, anaingizwa katikati ya orodha, na kila kichwa kilicho chini yake kinashuka mstari mmoja. Faili likipelekwa kuchapwa kwa printa nyingine, mahali pa kukatia ukurasa panaweza kusogea hata kama hakuna aliyegusa orodha. Vichwa vinaanza kutokea katikati ya karatasi, kati ya jina na jina.

Madhara makubwa zaidi yako ndani ya hesabu. Kanuni ya kuhesabu seli zenye maandishi, COUNTA, ikielekezwa kwenye safu ya majina itasema chama kina wanachama 318, kwa kuwa vichwa sita navyo ni maandishi. Orodha ikipangwa upya kialfabeti, vichwa hivyo vyote vinakimbilia herufi moja. Mhasibu anakuta maneno "Jina la mwanachama" yamejipanga mara sita mfululizo, yakiwatangulia akina Joseph na akina Juma, na kurasa nyingine zimebaki tena bila kichwa. Faili la aina hiyo linatakiwa kusafishwa kabla ya kuwekewa Print Titles, la sivyo kurasa zitatoka na vichwa viwili viwili.

Mkanganyiko wa vichwa viwili una historia ndefu. Lotus 1-2-3, programu iliyotoka mwaka 1983 na kutawala hesabu za ofisini kabla ya Excel, ilikuwa na amri ya namna hii, nayo iliitwa Borders. Mtumiaji akisahau kuuondoa mstari wa vichwa kwenye eneo alilotaka lichapwe, ulitoka mara mbili. Excel ya leo haina tabia hiyo. Unaweza kuweka eneo la kuchapa likianzia mstari wa 5, ukaacha vichwa nje, navyo vikatoka juu ya kila ukurasa. Ukivijumuisha, ukurasa wa kwanza utavionyesha mara moja tu.

Ina mpaka mmoja lakini, na huo unastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu kosa lake ni baya kuliko lile la kukosa vichwa. Kila shiti ina nafasi ya fungu moja tu la mistari ya kurudiwa, na lazima mistari hiyo ifuatane. Sasa fikiria mhasibu yule yule, baada ya mwanachama wa mwisho kwenye mstari wa 316, anaacha nafasi kidogo na kuanza orodha ya pili kwenye mstari wa 320: wadhamini wa mikopo, ikiwa na safu za jina, simu, namba ya mkopo na kiasi alichodhamini. Orodha hiyo ikivuka ukurasa, Excel itauvika ukurasa unaofuata vichwa vya orodha ya kwanza, kwa kuwa ndivyo ilivyoagizwa. Namba za simu za wadhamini zitakaa chini ya neno Hisa. Namba za mikopo zitakaa chini ya neno Akiba. Ukurasa usio na kichwa humfanya msomaji aulize, ila wenye kichwa cha uongo humfanya aamini. Orodha yenye safu tofauti ihamishiwe shiti yake na kupewa marudio yake.

Upande wa kushoto una kisa chake kifupi. Shiti yenye safu nyingi kuliko upana wa karatasi hukatwa, na nusu ya kulia hutoka kwenye kurasa zake. Huko kuna vichwa juu lakini hakuna majina ya watu. Chini ya Rows to repeat at top kuna kisanduku cha pili, Columns to repeat at left, na kwa orodha yetu humo tungeweka `$A:$B`, yaani namba na jina. Kama safu zinazozidi ni moja au mbili tu, ni afadhali kwenye Page Layout kuweka Width iwe `1 page` na kuiacha Height iwe `Automatic`. Maandishi yatapungua ukubwa kidogo, na orodha yote itaingia kwenye upana wa karatasi moja.

Anayetaka kuhakikisha kilichoagizwa bila kuchapa anaweza kubonyeza Ctrl+F3. Linafunguka dirisha la majina ya faili, na humo yupo mkazi aitwaye `Print_Titles`, akiwa na anwani ya mistari pembeni yake. Kumbe marudio haya si chochote ila ni jina lililofungwa kwenye shiti, na kwa kuwa ni jina, yanafuata mistari inapohama. Ukiingiza mstari mpya juu ya kila kitu, `$4:$4` inageuka yenyewe kuwa `$5:$5`. Ukiufuta mstari wenyewe wa vichwa na kuandika mwingine, jina linabaki likielekeza pasipokuwepo, linaonyesha `#REF!`, na kurasa zinarudi kuwa uchi. Hicho ndicho cha kukagua kwanza pale faili lililokuwa likitoka vizuri mwezi jana linapoharibika mwezi huu bila sababu inayoonekana.

Agizo hili ni la shiti moja moja. Chama kinachotunza shiti kumi na mbili, Januari hadi Desemba, kinahitaji kulirudia mara kumi na mbili. Njia nyepesi kwa anayeanza mwaka ni kutengeneza shiti ya Januari ikamilike, kisha kuinakili nzima kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina lake na kuchagua Move or Copy, kwani nakala huchukua na marudio yake. Kwa ambaye shiti zake kumi na mbili tayari zimejaa, kuna njia ya mkato kwenye Excel ya Windows. Abonyeze Alt+F11, kisha Ctrl+G, na kwenye dirisha dogo linalotokea chini aandike mstari huu mmoja na kubonyeza Enter:

```
For Each s In Worksheets: s.PageSetup.PrintTitleRows = "$4:$4": Next
```

Shiti zote za faili zinapata marudio kwa mpigo, na kwa kuwa hakuna makro iliyohifadhiwa, faili linabaki la kawaida. Sharti lake ni kwamba vichwa viwe mstari wa 4 kwenye kila shiti. Asiye na hakika azipitie kwanza.

Faili zinazopakuliwa kutoka mifumo ya kompyuta ya vyama na benki zina tatizo lao. Nyingi ni za aina ya CSV, ambayo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, na haihifadhi pambizo wala marudio. Mtu anaweka Print Titles, anahifadhi, anafunga, na akifungua kesho hakuna kitu. Afungue File, Save As, achague aina ya Excel Workbook, ndipo aagize marudio.

Nje ya Excel mambo yanatofautiana kwa namna inayochekesha kidogo. Google Sheets imeunganisha kile ambacho Excel imekitenga: ukishagandisha mstari kwenye skrini, dirisha la kuchapa lina chaguo la Repeat frozen rows chini ya Headers & footers, na mstari huo huo unarudiwa kwenye karatasi. LibreOffice Calc inaweka jambo hili kwenye Format, Print Ranges, Edit. Microsoft Word, kwa majedwali yake, ina kitufe cha Repeat Header Rows kwenye kichupo cha Layout cha jedwali, nacho kinataka uteuzi uanzie mstari wa kwanza kabisa wa jedwali na hakifanyi kazi pale ukurasa ulipokatwa kwa mkono.

Kwa hiyo, mhasibu au katibu mwenye orodha ya kupeleka steshenari wiki hii, fungua Ctrl+P kabla hujanakili faili kwenye flashi. Usiutazame ukurasa wa kwanza, huo huwa hauna kasoro. Tazama wa pili uone kama vichwa vipo, kisha wa mwisho uone kama vichwa hivyo ni vya tarakimu zilizo chini yake, na kama haukubeba majina manne tu.